Kusoma aina za ajira kwenye wasifu wa mfanyakazi wa hoteli pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mameneja, wakuu wa jikoni na maafisa wa ajira wanaopitia wasifu za waombaji kazi katika hoteli za pwani ya Kenya, kuanzia Diani hadi Malindi. Yote yanazunguka jambo moja. Mwombaji ameorodhesha vibarua, ajira za msimu, mikataba ya muda na pengine ajira ya kudumu. Je, mtiririko huo unakuambia nini kuhusu nafasi uliyo nayo, iwe ya kudumu, ya mkataba au ya kushikia mtu kwa muda?

Nikiwa na wasifu mezani, nianzie wapi?

Chukua karatasi tupu, kabla hujasoma majukumu na sifa alizojiandikia. Kwa kila kazi andika mambo manne: mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, aina ya ajira, nani aliyekuwa akimlipa, na ajira iliishaje. Majibu ya mambo mawili ya mwanzo yatakuwa kwenye wasifu. La tatu mara nyingi limefichika. La nne karibu kila mara halipo, na hilo ndilo lenye uzito.

Ajira huisha kwa njia chache tu. Muda wake ulitimia. Ulitimia, kisha ukaongezwa. Mwajiri aliikatiza kwa sababu ya biashara. Mwajiri aliikatiza kwa sababu ya mfanyakazi. Au mfanyakazi mwenyewe aliondoka kabla ya muda. Watu wawili wanaweza kuwa na kazi saba kila mmoja kwa miaka minane, mmoja akiwa amemaliza mikataba yake yote, mwingine akiwa ameiacha yote katikati. Kwenye karatasi wanafanana kabisa. Kwa hiyo pale usipojua ajira iliishaje, weka alama ya kuuliza na uendelee. Usijaze kwa kukisia.

Mwombaji ana kazi sita ndani ya miaka mitatu. Si ndiye yule wa kurukaruka?

Weka kwanza tarehe zake juu ya kalenda ya wageni. Pwani yetu hujaa wageni kuanzia Julai hadi Septemba hivi, kisha tena kuanzia katikati ya Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Masika ya Aprili hadi Juni hupunguza wageni kiasi kwamba baadhi ya hoteli hufunga nusu ya vyumba, na nyingine hufunga kabisa mwezi wa Mei kufanya ukarabati. Wafanyakazi wa msimu hupumzishwa wakati huo. Ukiona kazi zinaisha Machi au Aprili na kuanza tena Julai, hiyo ni kazi ya kawaida ya hoteli ya ufukweni. Nafasi ya miezi mitatu iliyo kati ya Aprili na Juni haistahili kuitwa pengo.

Baada ya hapo angalia kama jina la mwajiri linarudi. Mfanyakazi wa msimu aliyeitwa tena na hoteli ileile Julai iliyofuata amepata kile ambacho kwa mwenye mkataba wa muda tungekiita kuongezewa mkataba. Hoteli haina wajibu wa kumwita mhudumu mvivu au mpishi mgomvi, kwa sababu wako wengine langoni wanaosubiri. Akiitwa mara ya pili, kuna mtu aliyemtaka. Akiitwa mara ya nne, una ushahidi ambao barua nyingi za sifa hazina.

Kinyume chake, mtu aliyefanya misimu mitano katika hoteli tano tofauti anahitaji kuulizwa. Huenda alikuwa akifuata mshahara, huenda kila hoteli iliuzwa, huenda hakuitwa tena. Majibu hayo matatu hayafanani.

Kuna walioandika hoteli moja mara nne mfululizo, kila mara wiki tatu tu. Hiyo ni nini?

Mara nyingi ni alama ya sheria, wala haimhusu mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha chini ya miezi mitatu, ajira yake inahesabiwa kuwa ya kulipwa kwa mwezi. Hapo anastahili notisi na haki nyingine.

Wako waajiri wanaoogopa mstari huo, hivyo humsimamisha kibarua kabla mwezi haujatimia, humpumzisha siku chache, kisha humwita tena. Kwenye wasifu inaonekana kama mtu asiyeweza kukaa mahali. Kumbe ni mtu aliyekuwa katika jiko lilelile kwa miezi mitatu hivi, na kila mara akirudishwa kwa sababu anahitajika. Kwenye karatasi yako ziunganishe siku hizo ziwe mstari mmoja, uandike pembeni: kibarua, aliitwa tena mara tatu.

Nalisisitiza hili kwa sababu tabia ya mwajiri inapogeuzwa kuwa aibu ya mfanyakazi, anaadhibiwa mara mbili: kwanza kwa kunyimwa mkataba, halafu kwa kunyimwa kazi kwa kuwa hakuwa na mkataba.

Cheti cha utumishi si kinaonyesha aina ya ajira?

Hapana, na wengi hawajagundua. Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinataka cheti kionyeshe jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake pa kawaida, na tarehe ya kuisha. Kama ajira ilikuwa ya kudumu au ya msimu, cheti kinaweza kunyamaza. Sababu ya kuondoka pia si miongoni mwa mambo hayo.

Tena mwajiri halazimiki kumpa cheti mtu aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Kibarua wa wiki tatu tatu anaweza kufika kwako bila cheti hata kimoja, na hajakosea kitu.

Kinachoonyesha aina ya ajira ni barua ya kuajiriwa au mkataba wenyewe. Hati ya mshahara nayo husaidia, hasa ukiwa na kadhaa za miezi tofauti. Taarifa ya michango ya NSSF huonyesha mwajiri na miezi aliyochangia, lakini isome kwa uangalifu: mwezi uliokosekana huenda ni mwezi ambao mwajiri hakupeleka mchango, ingawa mtu alikuwa kazini na alikatwa. Mwezi uliopo unathibitisha, usiokuwepo haukanushi. Na hati hizo ni taarifa binafsi za mtu, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Omba zile unazozihitaji tu, kwa ridhaa yake, na kwa waliofika hatua ya mwisho. Kumwagiza kila mwombaji alete taarifa ya miaka kumi ni kupita kiasi.

Wasifu unataja hoteli moja, cheti kinataja kampuni nisiyoijua. Amedanganya?

Pengine la. Hoteli nyingi hupata walinzi, wahudumu wa vyumba, wafuaji na hata wahudumu wa mezani kupitia wakala. Mwajiri kisheria ni wakala, na cheti kitatoka kwake. Hoteli ni mahali pa kazi. Mfanyakazi huandika hoteli kwa sababu ndiko alikokuwa akiamkia kila siku. Muulize nani alikuwa akimlipa na nani alikuwa akimpangia zamu. Akikujibu majina mawili tofauti bila kusita, jambo limeisha.

Lakini angalia kitu kimoja. Mtu wa wakala akibadilishwa hoteli tatu kwa mwaka, hakuhama kazi, alihamishwa. Mhesabie mwajiri mmoja.

Ni miaka ipi ya kusoma kwa jicho tofauti?

Kwa hoteli za pwani, mapigo mawili yanaonekana kwenye wasifu za karibu kila mtu aliyekuwa kazini wakati huo.

La kwanza ni 2014 hadi 2015. Mei 2014 Uingereza ilitoa tahadhari dhidi ya safari zisizo za lazima kwenda Mombasa, watalii wakaondolewa kabla likizo zao hazijaisha, na ndege za kukodi zilizokuwa zikiwaleta zikasimamishwa. Juni mwaka huohuo likatokea shambulio la Mpeketoni, na Aprili 2015 la Garissa. Hoteli zilifungwa na watu waliokuwa na ajira za kudumu wakajikuta vibarua. La pili ni Machi 2020, Korona ilipofunga anga. Ndege za abiria za kimataifa zilisimama mwishoni mwa mwezi huo na kurejea Agosti, lakini wageni hawakurudi siku hiyohiyo.

Ajira iliyoisha katika vipindi hivyo haikuambii chochote kuhusu mtu, nzuri wala mbaya. Kinachosema ni alichofanya baadaye. Aliyetoka kudumu Machi 2020, akauza samaki au akapika vyakula vya oda, kisha akarudi hotelini wageni waliporudi, ameonyesha anakoelekea.

Mtu akishuka kutoka kudumu hadi msimu, na kutoka msimu hadi kibarua, nje ya miaka hiyo, hapo pana swali la kuuliza. Njia ya kupanda nayo ina maana yake: aliyeanza kibarua, akawa wa msimu, akawa wa kudumu ndani ya hoteli moja, amechunguzwa na mwajiri kwa miaka kabla hajafika kwako. Sijui alama yenye nguvu kuliko hiyo kwenye wasifu wa hoteli.

Waliotoka Ghuba wana mikataba ya miaka miwili miwili. Wanafaa nafasi za kudumu?

Huko aina ya ajira haichaguliwi na mfanyakazi. Visa, nyumba na tiketi hufungwa kwenye mkataba, na wa miaka miwili ni wa kawaida sana. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 iliondoa mikataba isiyo na kikomo katika sekta binafsi. Kila mkataba unapaswa kuwa na muda. Kwa hiyo mtu aliyekaa Dubai kwa mwajiri mmoja, mkataba ukihuishwa kila unapokwisha, alikuwa wa kudumu kwa kadiri ilivyowezekana kule.

Cha kuangalia ni kama alimaliza miaka miwili na kama aliongezewa. Aliyerudi baada ya miezi mitano anaweza kuwa na hadithi nzito: pasipoti iliyoshikwa, mshahara usiolipwa, kazi iliyobadilishwa baada ya kufika. Muulize kwa upole na umwache aseme anachotaka kusema. Usilihesabu kuwa kuacha kazi.

Nipe mfano mmoja kamili.

Mwombaji huyu ni wa kutungwa, ila mtiririko wake ni wa kawaida kwetu. Ni mpishi, na wasifu wake una mistari kumi na minne:

Mei–Agosti 2012, mafunzo ya kazini, Mombasa.
Desemba 2012–Machi 2013, hoteli ya kwanza Diani.
Julai 2013–Mei 2014, hoteli hiyohiyo.
Agosti 2014–Februari 2015, vibarua Nyali na Mtwapa.
Aprili 2015–Aprili 2017, hoteli Doha.
Aprili 2017–Aprili 2019, hoteli hiyohiyo Doha.
Julai 2019–Machi 2020, hoteli Watamu, kudumu.
Aprili 2020–Juni 2021, kupika kwa oda nyumbani.
Julai 2021–Machi 2022, hoteli ya pili Diani, msimu.
Julai 2022–Machi 2023, hiyohiyo.
Julai 2023–Machi 2024, hiyohiyo.
Juni–Oktoba 2024, kambi ya watalii Maasai Mara.
Novemba 2024–Machi 2025, hoteli ya pili Diani tena.
Julai 2025 hadi sasa, hiyohiyo.

Msomaji mwenye haraka anaona mistari kumi na minne, ajira ya kudumu moja tu, tena ya miezi tisa, na anaiweka pembeni. Sasa tuifanyie kazi.

Ondoa mafunzo, vibarua vya mwaka wa tahadhari na kazi ya nyumbani wakati wa Korona. Wanabaki waajiri watano: Diani ya kwanza, Doha, Watamu, Diani ya pili na kambi ya Mara. Kati ya hao, watatu walimchukua zaidi ya mara moja: Diani ya kwanza mara mbili, Doha mara mbili, Diani ya pili mara tano. Watamu iliisha mwezi hoteli zilipofungwa. Kambi ya Mara iliisha Oktoba, nyumbu wanapoondoka na kambi kupunguza watu. Ukitafuta mkataba aliouacha katikati kwa hiari yake, karatasi haionyeshi hata mmoja.

Kuna mahali pawili pa kuuliza. La kwanza ni Aprili 2019: aliongezewa Doha mara moja, mbona hakuendelea? La pili ni Juni 2024: alipokwenda Mara, hakurudi Diani Julai kama kawaida. Aliwaaga, au aliwaacha wakisubiri? Jibu lenyewe limejitokeza kidogo kwenye wasifu, kwa sababu Novemba mwaka huohuo walimpokea tena. Hoteli haimpokei kirahisi mpishi aliyewatoroka mwanzo wa msimu. Hata hivyo muulize.

Basi huyo mpishi anafaa nafasi ipi kati ya tatu nilizo nazo?

Tuseme unazo hizi: mpishi wa kudumu Nyali, mpishi wa msimu, Julai hadi Machi, na mpishi wa kumshikia mwenzake anayekwenda likizo ya uzazi ya miezi mitatu, Juni hadi Agosti.

Nafasi ya msimu anaifaa wazi, na ameithibitisha. Swali ni kama atamwacha mwajiri wake wa sasa kuja kwako, na kwa nini.

Nafasi ya miezi mitatu ndiyo inayowaponza wengi. Wanasema: huyu amezoea kazi za muda, basi kazi ya muda ni yake. Tazama kalenda. Hoteli yake ya Diani humwita Julai. Nafasi yako inaanza Juni na kuisha Agosti. Mwezi mmoja baada ya kumwajiri atapigiwa simu, na simu hiyo ina miezi tisa ya mshahara ndani yake, wakati wewe umebakiza miwili. Akienda hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa mtu anayejua hesabu ya karo ya watoto. Kwa nafasi hiyo ni heri aliyemaliza mafunzo juzi, au mpishi aliyestaafu, au mfanyakazi wa kambi ambaye msimu wake hauanzi kabla ya Agosti kwisha. Ukimtaka huyuhuyu, muulize waziwazi: wamekupigia? Wakikupigia utafanya nini? Likizo hiyohiyo ikiangukia Aprili hadi Juni, angekuwa chaguo lako la kwanza, maana ndiyo miezi yake ya kukaa bure.

Ndiyo maana nasema linganisha tarehe za nafasi na tarehe za maisha yake kabla ya kulinganisha majina ya aina za ajira.

Nafasi ya kudumu inahitaji fikra zaidi. Wasiwasi wa kawaida ni kwamba hatakaa. Wasifu wake haukupi sababu ya wasiwasi huo: alikaa Doha miaka minne, na anarudi Diani kila anapoitwa. Wasiwasi wenye maana ni mwingine. Mpishi wa msimu huingia wageni wakiwa tele na hutoka wanapopungua. Mara nyingi hajawahi kuagiza bidhaa za mwezi wenye wageni kumi na wawili, kuhesabu ghala mwisho wa mwezi, kupanga zamu wafanyakazi nusu wakiwa likizoni, au kubadili menyu kwa sababu bajeti imekatwa. Hiyo ndiyo masika ya mfanyakazi wa kudumu. Doha ilikuwa kazi ya mwaka mzima, kwa hiyo muulize juu ya Doha: wakati wa Ramadhani jiko lenu lilikuwaje mchana, na wewe ulikuwa ukifanya nini? Akikueleza hesabu ya ghala na upungufu alioukuta, mchukue. Kama kazi yake yote ilikuwa kusimama jikoni na kupokea oda, bado anaweza kufaa, ila ujue utalazimika kumfundisha nusu ya kazi katika muda wa majaribio, ambao kwa sheria hauzidi miezi sita isipokuwa mkikubaliana kuurefusha, tena usizidi kumi na miwili kwa jumla.

Na yule aliyekuwa wa kudumu miaka kumi na miwili, sasa anaomba nafasi ya msimu?

Usimkatae kwa kudhani ataondoka akipata ya kudumu. Huenda ni kweli, lakini uliza kwanza. Wengine wamelipwa mafao, wamefungua duka au wanalima Kwale, na miezi mitatu ya masika wanaitaka kwa ajili ya shamba. Kwao msimu umekaa sawa na maisha. Wengine wanaichukua kwa sababu hawana lingine, na hao watakwenda mapema, kwa haki yao. Tofauti huonekana ukiuliza atafanya nini Aprili hadi Juni. Mwenye mpango atautaja papo hapo.

Mwanamke ana mwaka mzima mtupu kati ya misimu. Niulize kuhusu ujauzito?

Usiulize. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi, wa ujauzito ukiwemo, tangu hatua ya kuajiri. Mfanyakazi wa msimu akipata mtoto mara nyingi haitwi msimu unaofuata, kwa hiyo mwaka huo mtupu ni wa kawaida sana na hauhusiani na nafasi yako. Uliza swali moja unalowauliza wote, wanaume kwa wanawake: uko tayari kuanza lini, na kuna jambo litakalokuzuia kumaliza muda wa nafasi hii?

Niulize nini kwenye mahojiano?

Kwa kila ajira yenye alama ya kuuliza, uliza mambo matatu tu. Mlipatana muda gani mwanzoni? Iliisha tarehe hiyo, kabla au baada? Ukirudi leo, nani atakupokea? Swali la mwisho linafanya kazi kubwa. Mtu aliyeondoka vizuri hutaja jina la mkuu wa jiko au msimamizi bila kufikiri, na mara nyingi hutoa namba. Aliyeondoka vibaya hutaja idara ya ajira kwa jumla.

Kisha piga simu, ukiwa na ruhusa yake. Usimuulize mwajiri wa zamani kama alikuwa mzuri. Kila mtu ni mzuri kwenye simu. Muulize kama walimwita msimu uliofuata, na kama hawakumwita, nafasi yake ilichukuliwa na mtu mwingine au ilifutwa. Kama ilifutwa, hapakuwa na kosa.

Nawe mweleze ukweli wa nafasi yako. Usimwambie mtu wa msimu kwamba mkataba huenda ukawa wa kudumu ikiwa hakuna bajeti hiyo. Mkataba wa muda kwa kawaida huisha siku yake bila wajibu wa kuuongeza, lakini maneno na barua za kumpa mtu tumaini la kuongezewa zimekuwa msingi wa kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Mtiririko huu una mipaka gani?

Hauonyeshi uwezo wa kazi. Hauonyeshi kwa nini mtu hakupewa kudumu, maana hoteli nyingine hazijatoa nafasi ya kudumu jikoni kwa miaka. Na kwa mtu mwenye miaka miwili tu kazini hausemi chochote. Mistari mitatu haifanyi mwenendo. Kwa kijana aliyetoka chuoni karibuni, weka karatasi hii kando umwite aje apike.

Mimi ni mwombaji. Misimu yangu niiandikeje isionekane kuwa kurukaruka?

Iunganishe chini ya mwajiri mmoja, taja aina ya ajira na useme iliishaje. Ukiwa uliajiriwa kupitia wakala, taja wakala na hoteli. Usiandike kudumu mahali ulipokuwa wa msimu, kwa sababu barua ya kuajiriwa itaombwa. Mpishi wa mfano wetu angeweza kufuta mistari mitano ya hoteli ya pili ya Diani na kuandika hivi:

Mpishi, hoteli ya ufukweni, Diani. Ajira ya msimu, 2021 hadi sasa. Misimu mitano, nimeitwa tena mara nne (Julai–Machi; mwaka wa 2024 nilianza Novemba baada ya msimu mmoja Maasai Mara). Mikataba yote iliyotangulia niliimaliza. Niko huru Aprili hadi Juni.